Je, wajua? Namna ya kupima mpango wa faida bila kuanza hesabu upya

*Mtu akinipa mpango wa kazi na kuapa kwamba hakuna mwingine unaozidi faida yake, nitajuaje kama ni kweli?*

Uombe mpango wenyewe ukutajie bei za vifaa vyako, kisha uone kama bei hizo zinajichanganya. Masharti ya kipimo hiki wanahisabati huyaita ya ulegevu kamilishano, nayo yanatosha kwa hesabu zote za mistari, yaani zile ambazo vitu viwili hula vifaa mara mbili na kuleta faida mara mbili.

Tuchukue atelie ya seremala huko Kadutu, Bukavu. Kwa wiki ana mbao 60, saa 90 za mafundi na vikombe 40 vya verni. Meza moja hula mbao 5, saa 5 na vikombe 2, na faida yake ni dola 30. Kiti: mbao 1, saa 4, kikombe 1, dola 12. Kitanda: mbao 6, saa 8, vikombe 3, dola 38. Mpango ulioletwa ni meza 10, viti 10, vitanda sifuri. Faida yake ni dola 420.

Kwanza hakikisha unawezekana, maana wengi huruka hapa. Mbao ni 50 + 10 = 60, zimeisha. Saa ni 50 + 40 = 90, zimeisha. Verni ni 20 + 10 = 30, kwa hiyo vikombe 10 vinabaki.

Sasa bei. Si za sokoni, bali kiasi cha faida kinachotokana na kila kifaa. Kifaa kilichobaki hupewa bei sifuri, kwa sababu kikombe kimoja zaidi hakingeongeza hata senti. Na kila bidhaa inayotengenezwa, thamani ya vifaa vyake lazima ilingane sawasawa na faida yake. Ukiita bei ya ubao m, ya saa s na ya verni v:

```
v = 0
5m + 5s = 30
m + 4s = 12
```

Jibu ni m = 4, s = 2. Yanabaki maswali mawili. Je, kuna bei iliyo chini ya sifuri? Hakuna. Je, bidhaa iliyoachwa ina faida inayozidi thamani ya vifaa vyake? Kitanda kingekula 6×4 + 8×2 = dola 40 ili kuleta 38. Hapana. Mpango ni bora kabisa.

Kwa nini hilo latosha? Kwa bei hizo hakuna bidhaa inayoleta faida kubwa kuliko thamani ya vifaa inavyokula, na vifaa vyote vya stoo vina thamani ya 60×4 + 90×2 = 420. Basi mpango wowote ule hauwezi kupita dola 420, na huu umezifikia.

Mpango mbaya hujifichua upesi. Tuseme mwingine anapendekeza meza 12 tu. Mbao zinaisha, lakini saa 30 na verni zinabaki, kwa hiyo s = 0, v = 0, na 5m = 30 inatoa m = 6. Kiti kingekula vifaa vya dola 6 na kuleta 12: mpango umeanguka, na umekuonyesha mahali pa kurekebisha, yaani ingiza viti.

Vivyo hivyo, kama kitanda kingeleta dola 45, mpango wa kwanza ungeanguka, na kila kitanda kingeongeza dola 5 baada ya kupunguza meza na viti vinavyolingana na vifaa vyake.

Mtego mkubwa uko hapa. Tuseme verni ilikuwa vikombe 30 kamili na kitanda kinaleta dola 41. Vifaa vyote vitatu vinaisha, lakini milinganyo ni miwili tu, kwa hiyo bei ni nyingi. Ukishika m = 4, s = 2, v = 0, kitanda kinakula dola 40 tu na utaukataa mpango. Jaribu m = 3, s = 1, v = 5: meza ni 15 + 5 + 10 = 30, kiti ni 3 + 4 + 5 = 12, kitanda ni 18 + 8 + 15 = 41. Zote zimepita, mpango ni bora. Basi vifaa vilivyoisha vikizidi idadi ya bidhaa zinazotengenezwa, usiukatae mpango kwa seti moja ya bei. Seti moja ikipita inatosha kuukubali, ila kuukataa kunadai uonyeshe kwamba hakuna seti yoyote inayopita.

Jambo la mwisho ni vipande. Kipimo hiki kinaruhusu nusu meza. Mpango wa vitu vizima ukikipita, hakuna haja ya shaka. Lakini ukishindwa, huenda bado ndio bora kati ya mipango ya vitu vizima, na hapo itabidi uulinganishe na mingine ya namna hiyo.