Sauti ya pande zote: kwa nini mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili

Mpwa wangu alinunua hedifoni zisizo na waya pale Majengo, jioni akanitumia ujumbe: "Mjomba, nimepigwa. Ngoma nasikia, mwimbaji yuko mbali huko." Nilimwomba anipigie picha ya skrini. Chini ya jina la wimbo palikuwa na maneno Dolby Atmos, yaani sauti ya pande zote ya kampuni ya Dolby, nikajua hedifoni hazina kosa.

Simama sokoni ufumbe macho. Bodaboda ikipiga honi kushoto kwako, sauti inafika sikio la kushoto kwanza, na la kulia baadaye kidogo, chini ya milisekunde 1. Mikunjo ya sikio nayo inaibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka. Ubongo unasoma tofauti hizo na kukuambia honi iko wapi. Sauti ya pande zote inaiga jambo hilohilo. Muziki wa kawaida una njia mbili tu, kushoto na kulia. Kwenye Atmos fundi anaambatanisha sauti na mahali pake, mathalani kinanda nyuma, kayamba juu ya kichwa. Halafu simu inapiga hesabu na kutoa njia mbili zinazodanganya masikio.

Kwa kuwa hesabu hiyo inafanywa na simu, hedifoni yoyote inafaa, hata ya waya ya bei ya chini. Kinachohitaji hedifoni maalumu, kama AirPods Pro, ni kufuata kichwa: ukigeuka, mwimbaji anabaki pale alipokuwa. Kwenye Apple Music, ukichagua Automatic, Atmos inajiwasha kwa AirPods na baadhi ya Beats. Kwa hedifoni nyingine lazima uchague Always On, na ndivyo kijana alivyofanya.

Sasa ule ugeni wa sauti. Wimbo wa Atmos si ule uliouzoea ukatandazwa. Ni mchanganyiko mpya, pengine wa fundi mwingine, miaka mingi baada ya kurekodiwa. Ule mgandamizo uliokuwa unabana ngoma na sauti ya mwimbaji pamoja mara nyingi haupo. Tena Dolby wanataka wastani wa ukubwa wa sauti usizidi -18 kwa kipimo cha LKFS, wakati nyimbo nyingi za kawaida zimepandishwa juu zaidi ya hapo. Kitu kikipungua sauti, sikio linakiona kimepoa. Juu ya hayo, hesabu imejengwa kwa umbo la sikio la wastani; lako likitofautiana, mwimbaji wa mbele anaweza kusikika ndani ya kichwa au mbali, na mwangwi juu.

Nilimwambia aweke Off kwenye mipangilio ya Music, arudie kipande kilekile cha kiitikio, kisha arudishe Atmos na kuongeza sauti mpaka zilingane. Wimbo wa kwanza, mwimbaji alirudi karibu pale tu alipozima. Wa pili, wa kwaya, aliuacha kwenye Atmos: "Huu, mjomba, nasikia sauti ya nne iko nyuma yangu kabisa."