Gari limechukuliwa, deni limebaki: maana ya mkopo ambao mali ndiyo dhamana

Kuna imani moja inayowaponza wakopaji wengi wa magari na mitambo. Mtu husema, "Nikishindwa, waje wachukue gari lao, tumalizane." Gari watakuja kulichukua kweli. Kumalizana ndiko kusikokuwa na uhakika.

Katika mkopo wa aina hii huweki hati ya shamba wala nyumba. Kitu unachokinunua ndicho dhamana, kiwe gari, trekta, mashine ya kusaga au kijiko cha kuchimbia. Mkopeshaji hulipa sehemu kubwa ya bei moja kwa moja kwa muuzaji, wewe unatanguliza kiasi chako, kisha unafanya marejesho kila mwezi huku mali ikiwa mikononi mwako ikifanya kazi.

Mikataba yake imegawanyika katika sura mbili, na inafaa ujue wako ni upi kabla ya kusaini. Katika sura ya kwanza mali ni yako tangu siku ya kwanza, ila mkopeshaji ana haki juu yake. Haki hiyo huandikwa kwenye kadi ya gari au kwenye daftari la serikali la dhamana za mali zinazohamishika, ili mtu mwingine asije akauziwa bila kujua. Katika sura ya pili, mkopeshaji ndiye mwenye mali. Wewe ni kama mpangaji, unalipa kodi ambayo mwisho wake ni kununua, na umiliki unahamia kwako ukimaliza malipo ya mwisho. Ukiliuza gari kwa siri katikati ya safari, katika sura hii ya pili umeuza kisicho chako, na mnunuzi anaweza kunyang'anywa.

Tutazame namba sasa, kwa sababu tatizo lote limejificha humo. Weka sarafu yoyote uitumiayo. Gari bei yake ni milioni 10. Mnunuzi anatanguliza milioni 1 na kukopa milioni 9 kwa miezi 48, riba ikiwa asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi linakuwa kama 264,000.

Mwaka wa kwanza analipa bila kukosa, jumla karibu milioni 3.17. Ukimuuliza deni limebaki kiasi gani, huenda akatoa 3.17 kwenye 9 akakujibu milioni 5.8. Kumbe salio ni kama milioni 7.31. Katika fedha alizolipa, karibu milioni 1.48 zimekwenda kwenye riba, na ni milioni 1.69 tu zilizopunguza deni lenyewe. Hakuna aliyemwibia. Riba hupigwa juu ya salio, na mwanzoni salio ni kubwa, kwa hiyo marejesho ya mwanzo huliwa zaidi na riba.

Gari nalo linashuka thamani kwa mwendo wa kinyume. Hupoteza thamani nyingi mapema, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa miaka miwili ya mwanzo na hasa kwa aliyetanguliza kidogo, ambapo deni ni kubwa kuliko bei ya gari sokoni. Anayeyumba katika kipindi hicho ndiye anayeumia zaidi.

Mkopaji wetu akaugua mwezi wa 13 na kazi ikasimama. Akakosa marejesho matatu. Kwanza huja simu na ujumbe, kisha notisi ya maandishi inayotaja malimbikizo na siku alizopewa kuyalipa. Siku zikipita, mikataba mingi humruhusu mkopeshaji kudai salio lote kwa mkupuo, si yale matatu tu. Kipengele hicho wengi hukisoma kwa mara ya kwanza siku wanapoonyeshwa na dalali.

Kuhusu kukamata, sheria zinatofautiana. Kwingine mkopeshaji anaweza kulichukua gari bila kwenda mahakamani, mradi asitumie nguvu wala kuvunja amani. Kwingine lazima apate amri. Sheria za ununuzi wa kukodi, yaani mikataba ya ile sura ya pili, hutazama pia umelipa kiasi gani: Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1974, ukishalipa theluthi moja ya bei yote mkopeshaji hawezi kukunyang'anya mali bila amri ya mahakama; nchini Kenya kiwango ni theluthi mbili. Kwa sababu hiyo, risiti zako zote zitunze.

Gari likakamatwa, likavutwa, likalala yadi, likathaminiwa, likapelekwa mnadani. Gharama zote hizo huongezwa kwenye deni. Tuseme ni 400,000. Riba ya miezi mitatu nayo imelisukuma salio hadi karibu milioni 7.65, bila kuhesabu faini za kuchelewa. Mnadani gari likapata milioni 6, kwa sababu mnunuzi wa mnada kwa kawaida hapewi nafasi ya kuliendesha wala kulikagua kwa mafundi, naye hujilinda kwa kutaja bei ya chini.

Piga hesabu: 7.65 jumlisha 0.4, toa 6. Mkopaji ametoa milioni 4.17 ukihesabu kitangulizi, hana gari, na anadaiwa bado kama milioni 2.05. Baki hiyo sasa ni deni lisilo na dhamana. Anaweza kushtakiwa kwa ajili yake, na mahakama ikiamua, mali yake nyingine ikaguswa.

Kulirudisha gari mwenyewe kwa hiari hakufuti chochote, isipokuwa pale sheria au mkataba unaposema hivyo waziwazi. Kwa kawaida unaokoa gharama ya kukamatwa na kuvutwa tu. Kinachosaidia zaidi ni kuuza mapema kwa ridhaa ya mkopeshaji. Kama huyu angemfuata mkopeshaji mwezi ule wa 13, deni lilipokuwa kama milioni 7.42, akapata mnunuzi wa kawaida kwa milioni 7, angebaki na 420,000 za kumalizia. Wakopeshaji wengi hukubali, kwa kuwa hata wao mnada hauwapendezi. Malipo hupita kwao, nao ndipo huachia kadi.

Kwa mitambo kuna ugumu wa ziada. Trekta likichukuliwa, na kipato kilichokuwa kikililipia nacho kimekwenda. Mashine maalumu wanunuzi wake ni wachache, na bei ya mnada inaweza kushuka vibaya zaidi kuliko ya gari. Ndiyo maana wakopeshaji hudai kitangulizi kikubwa zaidi kwa mashine za namna hiyo, na mkopaji hukasirika akidhani anaonewa.

Na mnada ukishapita, usikubali kutajiwa baki kwa mdomo. Omba maelezo ya maandishi: salio siku ya kukamata, kila gharama na risiti yake, tarehe ya mnada, ulitangazwaje, gari liliuzwa kwa bei gani. Sheria nyingi humtaka mkopeshaji auze kwa njia ya haki, na bei ya kutupa inaweza kupingwa. Pale mali ilipokuwa yako na mkopeshaji ana haki ya dhamana tu, mauzo yakizidi deni na gharama, ziada ni yako. Watu hawaiulizii, na ofisi nyingi hazitakupigia simu kukuambia ipo.