Majaribio ya nyumbani ya vito na mipaka yake: mfano wa rubi ya Winza

Jaribio la nyumbani la kito ni kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukifanya mwenyewe kwa vifaa vya kawaida, kama vile kipande cha kioo, mizani ndogo, tochi ya kukagulia noti na lenzi ya mkono. Kipimo cha namna hiyo hujibu swali moja tu kuhusu jiwe, na mara nyingi swali hilo si lile ambalo mnunuzi anadhani amelijibu. Rubi ni mfano mzuri kwa msomaji wa Dodoma, kwa sababu machimbo ya Winza wilayani Mpwapwa yalijipatia jina katika soko la dunia mwaka 2008, na tangu hapo mtu anaweza kuletewa jiwe jekundu na kuambiwa limetoka huko.

Jaribio linalopendwa zaidi ni kukwaruza kioo. Ugumu wa rubi ni 9 katika kipimo cha Mohs na wa kioo cha dirisha ni takriban 5.5, kwa hiyo rubi hukikwaruza bila shida. Lakini ganeti, spineli na hata kwatzi nazo hukikwaruza. Jaribio hili basi huweza kuondoa kioo chekundu kilichochongwa, na zaidi ya hapo halisemi kitu, ilhali linaweza kumega kona ya jiwe la mtu ambaye bado hamjakubaliana bei.

Jaribio lenye manufaa zaidi ni la uzito ndani ya maji. Chukua mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01 na upime jiwe likiwa kavu. Tuseme limetoa gramu 2.00. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uning'inize jiwe kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa kitako wala ukingo wa kikombe. Mizani ikisoma 0.50, gawanya 2.00 kwa 0.50, upate 4.00, ambayo ndiyo densiti ya rubi. Spineli ya uzito huo ingesoma karibu 0.56, na kioo cha kawaida karibu 0.80, kwa hiyo tofauti inaonekana wazi.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa jiwe la karati 1, yaani gramu 0.20. Ndani ya maji linapaswa kusoma 0.05. Mizani ikikosea kwa tarakimu moja tu na kusoma 0.06, jibu linakuwa 3.33, na ikisoma 0.04 linakuwa 5.00, rubi ile ile inaonekana kuwa madini mengine kabisa. Kiputo cha hewa kilichoganda kwenye ufa nacho hushusha jibu. Mawe mengi yanayouzwa ni madogo kiasi hicho, na kwa hayo mizani ya aina hii haifai.

Hata hivyo, kasoro kubwa haipo kwenye mizani. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga wa alumina wenye kromiamu kidogo katika mwali wa oksijeni na hidrojeni. Zao lake si kioo wala rangi iliyopakwa, bali ni rubi kwa kemia, kwa ugumu na kwa densiti. Jiwe la maabara, kwa hiyo, hufaulu majaribio yote mawili yaliyotajwa kikamilifu, kwa kuwa majaribio hayo hupima limeundwa kwa nini, wakati bei hutegemea limetokea wapi.

Tochi ya kukagulia noti, ambayo hutoa mwanga wa urujuanimno, huongeza mkanganyiko. Kromiamu huifanya rubi ing'ae nyekundu chini ya mwanga huo, lakini chuma huufifisha mng'ao. Rubi za Winza zina chuma kingi kiasi, hivyo kwa kawaida hung'aa hafifu au hazing'ai kabisa, ilhali ya maabara, isiyo na chuma, huwaka kama kaa la moto. Anayeamini kwamba mng'ao mkali ndiyo dalili ya uhalisi atalikataa jiwe la Mpwapwa na kulilipia la kiwandani.

Lenzi inayokuza mara 10 ndiyo inayokaribia swali lenyewe. Rubi ya Verneuil huweza kuonyesha viputo vya hewa na mistari ya ukuaji iliyopinda, ilhali mistari ya ukuaji ya jiwe la asili hunyooka na kukutana kwa pembe. Hapa pia uangalifu unahitajika, kwa sababu rubi za Winza zenyewe mara nyingi zina nyuzi nyembamba zilizopinda, na jicho lisilozoea linaweza kuzidhania ndiyo ile mistari. Zipo pia rubi za maabara zinazokuzwa taratibu ndani ya kiyeyushi, yaani kimiminika cha moto kilichoyeyusha alumina, ambazo hazina mistari iliyopinda kabisa, na rubi za asili zilizojazwa kioo chenye risasi kwenye nyufa, ambazo thamani yake ni ndogo sana ingawa mwenye kuziuza anaweza kuapa kwa haki kwamba zilichimbwa ardhini.

Kutenganisha makundi hayo huhitaji hadubini ya jemolojia na vifaa vya kupima kiasi kidogo cha elementi ndani ya jiwe, kama vilivyo katika maabara za jemolojia. Nyumbani, jibu pekee linaloweza kuaminika ni la kukataa: jiwe la gramu 2 lililosoma 0.80 ndani ya maji si rubi, lakini lililosoma 0.50 bado halijajulikana.