Bega Moja Juu, Jingine Chini: Kutambua Mgongo Uliopinda kwa Kumwinamisha Kijana

Mtu wa kwanza kugundua kwamba mgongo wa binti umeanza kupinda mara nyingi si daktari, bali ni fundi cherehani. Hapa Moshi tunalisikia hilo hasa katika miezi ambayo familia zinashonesha magauni ya kipaimara. Fundi hupima kutoka bega hadi kiuno upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, akaona vipimo havilingani; hudhani ameteleza, akapima tena, na mwishowe humwambia mama kwamba bega moja la mtoto liko juu. Mama wengi hujibu kuwa binti amezoea kusimama vibaya, au kwamba begi la shule ni zito, na gauni hurekebishwa ili likae sawa. Makala haya yanahusu jambo linalopaswa kufanyika siku hiyo, kabla gauni halijakatwa, kwa kuwa kipimo chenyewe huchukua muda usiozidi dakika mbili na hakihitaji kifaa chochote.

Nitaeleza kwa kumtumia binti wa miaka 12 ambaye ni mfano tu, lakini mambo yake yote ni yale tunayoyaona kliniki mara kwa mara. Akisimama wima huku tukimtazama kwa nyuma, bega lake la kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto. Mfupa bapa wa bega la kulia umetokeza nje kiasi cha kuonekana chini ya blauzi. Mikono ikining'inia, nafasi iliyopo kati ya mkono na kiuno upande mmoja ni pana kuliko upande wa pili, na sketi ya shule hukaa mshazari hata anapoifunga vizuri. Hana maumivu yoyote, anacheza netiboli, na hajavunja ungo.

Dalili hizo za kusimama zinatosha kuamsha shaka, ila hazitoshi kuamua. Watu wengi wenye mgongo mzima wana mabega yasiyolingana sawasawa, na kijana aliyezoea kuegemea mguu mmoja huonekana amepinda hata kama uti wake wa mgongo hauna kasoro. Kinyume chake pia hutokea: uti unaweza kupinda mara mbili, juu kuelekea kulia na chini kuelekea kushoto, na mipindo hiyo miwili ikasawazishana hadi mabega yakaonekana sawa. Ndiyo maana hatuishii kwenye mabega, bali tunamwinamisha kijana.

Kipimo cha kuinama kinajulikana kwa jina la William Adams, daktari wa upasuaji wa London aliyekieleza mwaka 1865, na hadi leo ndicho kinachoanza kutumika kabla ya mashine yoyote. Sababu ya kufaa kwake iko katika namna ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Katika skoliosisi, yaani ugonjwa wa uti kupinda pembeni, pingili za uti wa mgongo haziendi pembeni tu, bali pia zinajizungusha kama ngazi ya mzunguko. Mbavu zimeshikamana na pingili hizo, kwa hiyo pingili zinapojizungusha, mbavu za upande uliotokeza husukumwa nyuma na zile za upande wa pili huvutwa mbele. Mtoto akiwa amesimama, mifupa ya mabega na misuli huficha mzunguko huo. Akiinama, mifupa ya mabega husogea pembeni, na mbavu zilizosukumwa nyuma huinuka wazi kuwa nundu ya upande mmoja. Mgongo uliopinda kwa sababu ya mkao mbaya tu haujajizungusha, na kwa hiyo ukiinamishwa unakuwa bapa pande zote mbili.

Kifanyike katika chumba chenye mwanga mzuri na faragha, na kama ni binti, awepo mama, shangazi au mwalimu wa kike. Mgongo wote unapaswa kuonekana, kuanzia shingoni hadi juu ya makalio. Kanga iliyofungwa kwa mbele na kuachwa wazi nyuma inatosha, na nywele ndefu zikusanywe juu. Mtoto avue viatu, aunganishe miguu, anyooshe magoti, kisha aunganishe viganja na kuviacha vining'inie. Ainame polepole akianzia kichwani, viganja vikielekea katikati ya miguu, hadi mgongo uwe umelala sambamba na sakafu. Anayepima akae nyuma yake, macho yakiwa katika usawa wa mgongo, kwa sababu ukisimama na kuutazama kutoka juu nundu ndogo haionekani. Macho yafuate mgongo kadiri unavyoshuka: kwanza mbavu za juu, kisha za chini, na mwisho eneo la kiuno, ambako hakuna mbavu na badala ya nundu huonekana msuli wa upande mmoja uliovimba. Kisha hamia mbele ya mtoto urudie kutazama, kwa kuwa mpindo wa juu karibu na shingo huonekana vizuri zaidi kutoka huko.

Makosa machache hurudiarudia, na yote huleta majibu ya uongo. Viganja visipounganishwa, mkono mmoja hutangulia na kuzungusha mwili mzima. Goti moja likikunjwa, nyonga huinama na mgongo huonekana kupinda. Kosa linalowasumbua hata wahudumu wa afya ni mguu mmoja kuwa mfupi, kwani nyonga hulala upande huo na kiuno huonyesha uvimbe. Dawa ya shaka hiyo ni rahisi: mkalishe mtoto kwenye stuli, nyayo zikigusa sakafu, kisha ainame tena. Akiwa ameketi, urefu wa miguu hauna nafasi tena. Nundu ikitoweka, tatizo liko kwenye miguu. Ikibaki, liko kwenye uti wa mgongo.

Binti wetu alipoinama, mbavu zake za kulia ziliinuka katikati ya mgongo, na alipoketi akainama tena, nundu ilibaki vilevile. Kliniki tuliilaza skoliomita juu ya sehemu iliyoinuka zaidi. Hiki ni kifaa kidogo chenye mrija uliojaa maji na gololi ndani, kinachofanana na pima maji ya fundi mwashi, na kwake gololi ilisimama kwenye nyuzi 8. Kwa kawaida, kipimo kikiwa chini ya nyuzi 5 hatuna la kufanya isipokuwa kurudia baadaye. Kikiwa 5 au 6 tunarudia baada ya miezi minne hadi sita. Kikifika 7 tunaagiza picha ya eksirei. Nyuzi hizo za skoliomita zinapima jinsi mgongo ulivyojizungusha, wala si jinsi ulivyopinda, na wazazi wasizichanganye na zile zitakazosomwa kwenye eksirei. Mgongo wenye nyuzi 7 za skoliomita mara nyingi huwa na mpindo wa karibu nyuzi 20 kwenye picha, ingawa tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa, na kwa mtoto mnene nundu hufichika.

Eksirei inayofaa ni ya uti wote wa mgongo, mtoto akiwa amesimama. Hili nalisisitiza kwa sababu picha iliyopigwa mtoto amelala huufanya mpindo uonekane mdogo kuliko ulivyo, na familia hulazimika kulipia picha ya pili. Pale inapowezekana, mionzi ipite kutoka nyuma kwenda mbele, ili matiti yanayoanza kukua yapate mionzi kidogo. Kwenye picha tunachora mistari juu ya pingili mbili zilizoinama zaidi na kupima pembe kati yake, kwa njia ya daktari John Cobb wa Marekani ya mwaka 1948. Kuanzia nyuzi 10 ndipo tunapoita skoliosisi. Binti wetu alikuwa na 28.

Uzito wa namba hiyo unategemea urefu alioubakiza kukua. Nyuzi 28 kwa msichana wa miaka 17 aliyevunja ungo miaka minne iliyopita zingetuacha watulivu, kwa kuwa mgongo wake umekwisha kukomaa. Kwa msichana wa miaka 12 ambaye hajaanza hedhi, na ambaye kimo chake kinaongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote tangu utotoni, namba hiyohiyo inadai hatua ya mapema, kwani mpindo huongezeka zaidi katika kipindi hicho. Kwa hiyo alipewa breisi, yaani gamba gumu la plastiki linalofinyangwa kwa umbo la mwili wake, lenye pedi zinazosukuma nundu. Wataalamu wanaotengeneza vifaa vya aina hiyo hufundishwa hapahapa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo eneo la hospitali ya KCMC.

Breisi hainyooshi mgongo uliokwisha kupinda, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi siku ya kwanza. Kazi yake ni kuzuia mpindo usifike nyuzi 50, ambapo upasuaji huzungumzwa kwa sababu mpindo mkubwa kiasi hicho huendelea kuongezeka hata utu uzimani. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua bila kufika huko, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Idadi ya saa ilikuwa na uzito mkubwa: waliovaa kwa saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa binti anayesoma shule ya bweni, hilo linamaanisha kuzungumza na matroni kabla ya muhula kuanza.

Baadhi ya wazazi huja wakijilaumu kwa ndoo za maji, begi zito au kiti cha shule. Hakuna kati ya hivyo kinacholeta skoliosisi ya vijana, na kukandwa au kuvutwa mgongo na watu wa mtaani hakuizuii. Sababu kamili haijulikani, lakini huweza kurithiwa katika ukoo.

Zipo hali ambazo kijana asisubiri miezi sita. Maumivu yanayomwamsha usiku, mguu unaolegea au kufa ganzi, mkojo unaoanza kumtoka bila hiari, na nundu ya mbavu iliyo upande wa kushoto badala ya kulia, zote zinahitaji daktari mapema na huenda kipimo cha MRI. Mgongo unaochongoka katikati ukitazamwa kwa ubavu, pamoja na homa za jioni na kukonda, hutufanya tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina tiba ya dawa na hakivumilii kucheleweshwa.

Kwa kuwa skoliosisi huweza kufuata ukoo, mdogo wa binti wetu, wa miaka 10, aliinamishwa siku ileile. Skoliomita ilisoma nyuzi 3, bila nundu inayoonekana kwa macho. Mama alifundishwa kurudia kuinamisha nyumbani kila baada ya miezi minne, kuandika tarehe na kimo cha mtoto kwenye daftari, na kuendelea hivyo hadi miaka miwili baada ya binti huyo kuvunja ungo.