Zingifuri, kamba ya mwani na sanduku lililokosea

Ukizuru mashamba ya viungo ya Kizimbani, mtembezaji hakosi kukupasulia tunda la mzingifuri. Ndani mna mbegu zenye unga mwekundu, na kabla hujauliza bei ya chochote, mgeni mmoja kishapakwa midomo. Mimi nafundisha kemia, na kila mwaka huwapa wanafunzi wangu mbegu hizo. Waziloweke kwenye asetoni, wapime rangi yake kwa spektrofotomita, mashine inayoonesha ni mwanga upi unaofyonzwa, kisha waje na karatasi wanieleze kwa nini ni nyekundu.

Kinachoipa zingifuri rangi kinaitwa biksini. Ni mnyororo mrefu wa atomu ambamo bondi moja na bondi maradufu zinapishana. Kuna bondi maradufu tisa za kaboni kwa kaboni, na kila ncha ina moja zaidi ya kaboni na oksijeni. Jumla ni kumi na moja. Kila bondi maradufu ina elektroni mbili za pai, na hizo hazitulii mahali pamoja: zinatembea mnyororo mzima. Hapo ndipo tunapoazima hesabu ya chembe ndani ya sanduku. Tunajifanya mnyororo ni njia nyoofu na tambarare, yenye ukuta kila upande.

Njia rahisi ya kuiona ni kamba ya mwani. Akina mama wa Paje na Jambiani huifunga kamba kati ya vigingi viwili. Ukiitikisa, mawimbi yanayodumu ni yale tu ambayo nusu zake zinaenea kamba yote bila kubaki kipande: nusu moja, mbili, tatu. Elektroni nayo ni wimbi, kwa hiyo ngazi zake za nishati zinahesabika vivyo hivyo, kwa n = 1, 2, 3. Nishati ya kila ngazi ni n²h²/8mL², ambapo h ni namba isiyobadilika ya Planck, L ni urefu wa sanduku na m ni uzito wa elektroni. Kila ngazi hubeba elektroni mbili. Zikiwa N kwa jumla, ngazi ya mwisho yenye elektroni ni N/2, na mwanga unaofyonzwa ni ule unaoirusha elektroni moja kutoka hapo hadi ngazi inayofuata. Ukitoa nishati moja kwenye nyingine na kuweka namba zote zisizobadilika, hesabu inabaki fupi:

λ = 3297 × L² / (N + 1)

Hapo λ ni urefu wa wimbi la mwanga unaofyonzwa, na λ na L zote ni kwa nanomita. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mwanafunzi kumrusha elektroni kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2, kwa sababu ndivyo picha ya kitabuni inavyoonesha. Ngazi hizo zote mbili zimeshajaa. Hakuna nafasi ya kwenda.

Tuipige basi ya zingifuri. Bondi maradufu kumi na moja zina elektroni 22. Atomu 22 za mnyororo zina bondi 21 kati yao, na kila bondi kwa wastani ni nanomita 0.14, kwa hiyo L ni 2.94. Jibu ni 3297 × 8.64 / 23, yaani kama nanomita 1239.

Huo ni mwanga usioonekana kabisa, uko mbali upande wa pili wa nyekundu. Kwa hesabu hii, zingifuri ingekuwa haina rangi. Mashine yetu inasema vingine: katika asetoni, biksini ina vilele vya ufyonzaji karibu na nanomita 457 na 487. Inafyonza buluu, ndiyo maana jicho linabakiwa na rangi ya machungwa iliyokoza.

Mwaka mmoja binti wa darasa langu aliniambia, “Maalim, labda tumehesabu vibaya, tuziondoe zile oksijeni.” Swali zuri, tukajaribu. Tukabaki na bondi maradufu tisa: elektroni 18, bondi 17, jibu likawa 983. Bado haionekani. Kwa hiyo kosa halikuwa la kuhesabu.

Rudi kwenye kamba. Mpaka sasa tumeifanya tupu. Kamba ya mwani shambani ina mafungu ya mwani yaliyofungwa kwa mpangilio, na ukiitikisa utaona kuwa wimbi ambalo migongo yake inaangukia kwenye mafungu halitikisiki sawa na lile ambalo migongo yake inaangukia katikati yao. Kwenye biksini, bondi maradufu ni fupi kuliko bondi moja, na viini vya atomu viko karibu zaidi. Wimbi la n = 11 lina migongo kumi na moja, na migongo hiyo inakaa juu ya bondi maradufu kumi na moja. Elektroni hapo zinavutwa na viini, nishati inashuka. Wimbi la n = 12 linafanya kinyume: migongo yake imeelemea kwenye bondi moja, nishati yake inapanda. Pengo kati ya ngazi hizo mbili linapanuka, na mwanga unaotakiwa ni wa wimbi fupi zaidi. Sanduku letu tambarare halilijui hilo.

Dalili nyingine utaiona ukirefusha mnyororo. Sanduku tupu linadai λ iendelee kukua bila kikomo. Minyororo halisi ya aina hii kila ikirefushwa huongeza kidogo kuliko mara iliyopita, kana kwamba inagonga dari.

Mkemia wa Uswisi, Hans Kuhn, aliliweka hili katika hesabu mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliongeza kwenye pengo kipande V(1 − 1/N), V ikiwa karibu 2 kwa elektronivolti, kipimo cha nishati. Kwetu, 1239 ni sawa na elektronivolti 1.00. Ongeza 1.91, unapata 2.91, na hiyo ni nanomita 426. Imekaribia kiasi cha kutosha, ila tusijidanganye: ile 2 haikuzaliwa ndani ya sanduku, ilitokana na kulinganisha na vipimo.

Je, sanduku tupu halifai popote? Linafaa mahali ambapo bondi zote zina urefu mmoja. Rangi za sianini ziko hivyo. Mnyororo wake una nitrojeni kila ncha na chaji chanya moja. Unaweza kuuchora chaji ikiwa kushoto au ikiwa kulia, na michoro yote miwili ina uzito sawa, kwa hiyo kila bondi inabaki katikati ya moja na maradufu.

Chukua kriptosianini. Kati ya nitrojeni zake mbili kuna kaboni tisa. Kila kaboni inatoa elektroni moja, nitrojeni moja inatoa mbili na yenye chaji inatoa moja: jumla 12. Ukipata namba isiyogawanyika kwa mbili, umeisahau chaji. Bondi ni kumi, na Kuhn aliruhusu elektroni zitoke nje kwa bondi moja kila upande, kwa hiyo L ni 12 × 0.139, yaani 1.668. Jibu ni 706. Mashine inasema karibu 707.

Ukaribu huo una bahati ndani yake. Ndugu yake mfupi mwenye kaboni saba anatoka 579 kwa hesabu na karibu 590 kwa mashine. Mrefu mwenye kaboni kumi na moja anatoka 832, naye mashine inampa karibu 815. Lakini angalia hatua: kila jozi ya kaboni inaongeza zaidi ya nanomita mia, na dari haionekani.

Yule binti alirudi baadaye na chupa mbili. Alikuwa ameyeyusha zingifuri ileile kwenye klorofomu, na kilele cha 457 kikahamia karibu 470. Akauliza kimiminika kinaingia wapi kwenye hesabu. Hakiingii popote, L na N ni zilezile katika chupa zote mbili.