Pampu ya inveta isiyolala usiku: tafuta kwanza Hz za matumizi sifuri

Pampu ya presha isiyobadilika ikifanya kazi vizuri mchana, hakuna anayeiangalia. Kasoro zake hujitokeza saa nane za usiku: wageni wamelala, bomba zote zimefungwa, na pampu bado inanguruma kibandani. Alfajiri ukiigusa mwili wake unaondoa mkono haraka, kwa sababu maji yaleyale yamekuwa yakizungushwa ndani bila kutoka. Pampu yenye lita 2 za maji ndani, ikila wati 450 bila kutoa maji, huyapasha moto kwa karibu nyuzi 3 kila dakika mwanzoni. Kinachoanza kufa ni sili ya shafti, na umeme umelipiwa bure.

Mara nyingi inveta yenyewe, kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha Hz za umeme wake, haina ubaya wowote. Namba ya kulala, yaani Hz ambazo kasi ikishuka hadi hapo inveta inasimamisha pampu, imewekwa kwa kukisia, na namba inayokisiwa zaidi ni 30 Hz.

Tuchukue nyumba ya wageni ya ghorofa nne hapa Moshi. Maji ya mamlaka yanaingia kwenye tenki la chini, na kutoka hapo pampu ya wima ya hatua nyingi, mota ya kilowati 1.5, inapeleka moja kwa moja vyumbani. Hakuna tenki juu ya paa. Sensa ya presha ya 0–10 bar inatoa 4–20 mA, na presha iliyoagizwa ni 4 bar. Bafu la juu kabisa liko mita 12 juu ya pampu, kwa hiyo ukitoa 1.2 bar za kimo na msuguano wa mabomba, hapo juu hubaki takriban 2 bar, na hizo zinatosha. Wapanda mlima wakishuka Kilimanjaro, kati ya saa kumi na saa moja jioni karibu mabafu yote yanafunguliwa kwa pamoja na pampu inafika 49 Hz. Baada ya saa sita usiku, hakuna anayetumia.

PID, hesabu iliyo ndani ya inveta, inalinganisha presha inayosomwa na sensa na ile uliyoagiza, halafu inaongeza au kupunguza kasi ili zilingane. Basi fundi anafikiri: matumizi yakiwa sifuri, kasi itashuka mpaka chini kabisa, itafika 30, pampu italala. Kosa liko hapo. Kazi ya PID ni kushika 4 bar, na pampu haiwezi kushika 4 bar kwa 30 Hz hata kama hakuna tone linalotoka. Presha ambayo pampu inaweza kutoa hufuata mraba wa kasi: kasi ikishuka hadi asilimia 80, presha inashuka hadi asilimia 64. Kutoka hapo unapata Hz za matumizi sifuri:

```
f0 = 50 * sqrt(H / H0)
```

`H0` ni mita ambazo pampu inasukuma kwa 50 Hz vali ikiwa imefungwa. Iko kwenye mchoro wa pampu, mahali mstari unapoanzia upande wa kushoto. Kwa pampu yetu ni mita 66. `H` ni mita ambazo pampu inatakiwa kuongeza yenyewe: 4 bar ni mita 40.8, toa kimo cha maji ya tenki la chini juu ya mdomo wa pampu. Tenki likiwa limejaa, maji yako mita 2 juu ya mdomo, hivyo H ni 38.8 na f0 ni 38.3 Hz. Tenki likibaki na nusu mita, H ni 40.3 na f0 ni 39.1 Hz. Ndiyo kusema hata mji mzima ukilala, pampu hii haitashuka chini ya 38 kwa hiari yake. Ukiiwekea kulala kwa 30, unaisubirisha kitu ambacho hakiji.

Hapa kuna mtego unaowachanganya wengi, kwa sababu kuna usiku pampu hiyohiyo hulala vizuri tu. Vali ya kuzuia maji kurudi ikifunga barabara, na presha ikanaswa upande wa nyumba juu kidogo ya 4 bar, PID inaona imezidisha na inashusha kasi pole pole mpaka chini, kwa kuwa presha haitegemei tena pampu. Inalala. Kesho yake floti ya choo kimoja inavuja uzi mwembamba wa maji, presha hainaswi tena, na pampu inakesha. Mwenye nyumba anasema inveta ina wazimu.

Kwa sababu hiyo, hesabu ikishakupa makadirio, pima kwenye pampu yenyewe, na usipime kwa kufunga vali kavu. Funga geti vali inayopeleka maji nyumbani, kisha fungua kikoki kidogo kilicho kati ya vali ya kuzuia na hiyo geti vali, maji yatoke uzi mwembamba tu. Zima hali ya kulala kwa muda. Subiri kasi itulie kama dakika mbili, soma Hz kwenye kioo. Fanya hivyo tenki la chini likiwa limeshuka, maana hapo ndipo f0 inakuwa kubwa zaidi. Ukiweka kipimo tenki likiwa limejaa, pampu italala usiku wa maji mengi tu na itakesha tenki likishuka.

Kabla ya kipimo hicho PID iwe imetulia. Kama Hz zinapanda na kushuka zenyewe, 37, 42, 38, hutapata namba ya maana, na kila zikishuka pampu itadhani ni wakati wa kulala. Kati ya namba tatu za PID, yaani P, I na D, zima D kabisa, iache sifuri. Sensa ya maji ina mtikisiko mwingi na D inaukuza. Weka muda wa kupanda na kushuka kasi sekunde 3 hadi 5. Ongeza P mpaka presha ianze kuyumba mtu akifungua na kufunga bomba, kisha irudishe nusu. Baada ya hapo fupisha muda wa I kidogo kidogo mpaka presha irudi 4 bar ndani ya sekunde chache bila kupita na kurudi. Sikupi namba za P na I, kwa sababu kila kampuni ya inveta ina kizio chake.

Tuseme kipimo kimekupa 39.1 Hz. Mimi huweka kulala 0.4 Hz juu yake, yaani 39.5, na kucheleweshwa sekunde 30. Nafasi hiyo inaonekana ndogo, lakini angalia maana yake kwa maji. Kwa pampu hii, tenki la chini likiwa limeshuka, 39.5 Hz ni lita 19 hivi kwa dakika. Tenki likijaa, 39.5 hiyohiyo ni lita 31 hivi, ambazo ni mabafu mawili au matatu yanayotumika. Ukijipa raha ukaweka 42, pampu italala watu wakiwa na sabuni mwilini, iamke, ilale tena. Pampu yenye mchoro bapa ni mbaya zaidi kwa jambo hili, kwani Hz zake hazibadiliki sana maji yakiongezeka. Kwa hiyo ningependelea swichi ya mtiririko kwenye bomba la kutokea, iiambie inveta yenyewe kwamba maji yamesimama, kuliko kuhangaika na sehemu za kumi za Hz.

Pampu ikilala, nyumba inalishwa na tenki la presha. Letu ni la lita 60. Kabla ya kulala, inveta ipandishe presha hadi 4.4 bar, na kuamka kuwe 3.5 bar. Hewa ya tenki iwe 3.2 bar, ipimwe na geji ya tairi tenki likiwa tupu kabisa. Ukipima likiwa na maji unasoma presha ya maji. Kiasi cha maji kinachotoka kati ya kulala na kuamka ni:

```
V * (Ph + Pa) * (1/(Pk + Pa) - 1/(Pl + Pa))
```

`V` ni ujazo wa tenki, `Ph` hewa ya tenki, `Pk` presha ya kuamka, `Pl` presha ya kulala, na `Pa` presha ya anga, ambayo kwa kimo cha Moshi ni 0.9 bar hivi. Jibu ni lita 9 na nusu. Bila kupandisha presha kabla ya kulala, yaani ukilala kwa 4.0, unapata lita 5.7 tu. Hizo 0.4 bar zinaongeza usingizi kwa theluthi mbili bila kununua tenki kubwa.

Hewa ikizidi 3.5, tenki linaisha maji kabla pampu haijaamka na aliye bafuni anakatikiwa maji ghafla. Ukibonyeza kipini cha vali ya hewa yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka na tenki limebaki pambo.

Uangalie pia namna inveta yako inavyopokea namba ya kuamka. Kuna inayotaka asilimia ya presha iliyoagizwa, hapo 3.5 bar ni 87.5. Kuna inayotaka asilimia ya upeo wa sensa, hapo ni 35. Ukiweka 35 kwenye ile ya kwanza, pampu itaamka kwa 1.4 bar, na ghorofa ya juu maji yatakuwa karibu yamekatika.

Ikilala vizuri lakini inaamka mara kwa mara usiku, kuna mahali maji yanaenda. Subiri ilale, funga geti vali inayokwenda nyumbani, tazama geji iliyo upande wa pampu wa geti vali hiyo. Presha ikiendelea kushuka na nje hakuna unyevu, vali ya kuzuia haifungi na maji yanarudi tenki la chini kupitia pampu. Ifungue, mara nyingi utakuta mchanga au uzi wa katani umekaa kwenye kiti chake. Presha ikisimama, uvujaji uko vyumbani. Muda kati ya kulala na kuamka utakwambia ukubwa wake: ikiamka kila baada ya dakika 19, lita 9 na nusu zimetoka kwa dakika hizo, yaani nusu lita kwa dakika, na kwa siku nzima ni lita 720. Anza na floti za vyoo.