Mlipuko wa majukumu: maana yake, na namna ya kuyaunganisha

Katika mfumo wa benki, mfanyakazi hapewi ruhusa mojamoja. Anapewa jukumu, na jukumu ndilo linalobeba ruhusa: kufungua akaunti, kupokea amana, kuidhinisha mkopo, kusoma ripoti. Akihamishwa kutoka kaunta kwenda kitengo cha mikopo, anavuliwa jukumu moja na kupewa jingine, na kazi ya msimamizi wa mfumo imeishia hapo. David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, waliuchapisha mfano huu mwaka 1992, na mwaka 2004 ukawa kiwango rasmi nchini humo. Msingi wake ni kwamba majukumu ni machache na watu ni wengi.

Mlipuko wa majukumu ni pale msingi huo unapovunjika. Majukumu yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo dogo yanaongezeka mpaka yanakaribia idadi ya wafanyakazi wenyewe, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika lipi linaruhusu nini.

Hesabu yake ni ya kuzidisha, ndiyo maana inashtukiza. Tuchukue mfano wa benki yenye matawi 60 na kazi tano: tela, afisa mikopo, msimamizi wa kaunta, meneja wa tawi na mkaguzi wa ndani. Kazi ni tano, kwa hiyo majukumu matano yangetosha. Lakini tela wa Morogoro hatakiwi kugusa akaunti za tawi la Dodoma, basi kila tawi linatengenezewa majukumu yake. Tayari ni 300. Kisha tela na afisa mikopo wanagawanywa katika ngazi tatu za kiwango cha fedha wanachoweza kushughulikia. Kazi hizo mbili peke yake zinazaa majukumu 360, na zile tatu zilizobaki zinabaki na 180. Jumla 540. Kama kila tawi lina watu 12, benki nzima ina watu 720, yaani jukumu moja kwa kila mtu mmoja na kitu.

Hakuna aliyekosea waziwazi. Kila jukumu lilikuwa na sababu siku lilipoundwa, na kunakili jukumu lililopo na kubadilisha jina ni kazi ya dakika mbili, wakati kuuliza kama kweli linahitajika ni kazi ya wiki. Ila ukitazama kwa makini, tawi na kiwango cha fedha si kazi. Ni sifa za mtu anayeifanya, na zimeshindiliwa ndani ya jina la jukumu kwa sababu mfumo haukupewa mahali pengine pa kuziweka.

Madhara yanaonekana wakati wa ukaguzi. Meneja anapelekewa orodha ya majina kama `TELA_MORO_L2` na `TELA_MORO_L2_MPYA` athibitishe kwamba watu wake wanastahili kuwa nayo. Haelewi tofauti yake, kwa hiyo anakubali yote. Ukiona mameneja wanapitisha orodha nzima kwa dakika chache, ujue ukaguzi huo umebaki jina tu.

Kuunganisha kunaanza na jedwali lenye safu mbili: jukumu na ruhusa. Kwanza toa yale yasiyo na mtumiaji hata mmoja. Hayo hayana mjadala mrefu. Yaliyobaki yalinganishwe mawili mawili, kuona yanachangia ruhusa ngapi:

```sql
SELECT a.jukumu, b.jukumu, COUNT(*) AS pamoja
FROM ruhusa_za_jukumu a
JOIN ruhusa_za_jukumu b
  ON a.ruhusa = b.ruhusa
 AND a.jukumu < b.jukumu
GROUP BY a.jukumu, b.jukumu;
```

Kisha gawanya idadi ya ruhusa za pamoja kwa jumla ya ruhusa zote tofauti zilizomo katika majukumu hayo mawili. Jibu likiwa 1, ni jukumu moja lenye majina mawili. Kabla ya kulinganisha, ondoa jina la tawi ndani ya jina la ruhusa, la sivyo `soma_akaunti_moro` na `soma_akaunti_dom` zitaonekana ni vitu viwili na hesabu nzima itakudanganya.

Sasa tuseme tela wa Morogoro ana ruhusa 15 na wa Dodoma 14, na zote 14 zimo katika zile 15. Ufanano ni 14 kwa 15, yaani 0.93. Wengi wangeyaunganisha hapohapo na kwenda chai. Lakini ile ruhusa ya 15 ni ya kuidhinisha marejesho ya muamala, na iliongezwa msimamizi wa kaunta alipougua, kisha ikasahaulika. Ukiunganisha kwa kujumlisha ruhusa zote, umewapa matela wa matawi 60 uwezo wa kuingiza muamala na kuidhinisha marejesho yake wenyewe. Huo ndio mwanya ambao kanuni ya kutenganisha kazi imewekwa kuuziba. Kwa hiyo namba ya ufanano inakuonyesha pa kuangalia tu. Uamuzi unafanywa kwenye tofauti, ruhusa kwa ruhusa, na anayeufanya ni mtu wa kitengo husika, si fundi wa mfumo peke yake.

Kubakiza zile za pamoja tu nako kuna hatari yake. Ruhusa inayoonekana haitumiki huenda ni ya kufunga hesabu za mwaka. Ukikagua kumbukumbu za mfumo za miezi mitatu hutaiona. Mimi ningependa kuona miezi 13, ili mwisho wa mwaka usikwepe.

Baada ya tofauti kuamuliwa, tawi na kiwango cha fedha vinahamishiwa kwenye taarifa za mfanyakazi. Jukumu linabaki `TELA`, na kanuni moja inasema: ruhusu endapo tawi la mfanyakazi ni lilelile la akaunti, na kiasi hakizidi kiwango chake. Mkaguzi wa ndani, anayezunguka matawi, anapewa orodha ya matawi badala ya tawi moja. Majukumu 540 yanarudi kuwa matano.

Usizime ya zamani siku hiyohiyo. Acha mfumo uendelee kuamua kwa utaratibu wa zamani huku ukiandika kando kanuni mpya ingeamua nini, na upitie kila mahali majibu yanapotofautiana, angalau mpaka mwisho wa mwezi mmoja upite. Kisha zima majukumu ya zamani bila kuyafuta, kwa sababu kumbukumbu za miaka iliyopita bado zinayataja.

Njia hii ina mipaka yake. Mifumo mingi ya zamani haisomi sifa za mtumiaji kabisa. Inajua jukumu tu. Huko utapunguza marudio, lakini majukumu ya kila tawi yatabaki. Na pale sifa zinapotumika, uzito unahamia idara ya rasilimali watu: tela aliyehamishiwa Dodoma Jumatatu, taarifa zake zikabadilishwa Ijumaa, atakaa kaunta siku nne akikataliwa na mfumo huku akiwa bado na uwezo juu ya akaunti za Morogoro. Atampigia simu msimamizi wa mfumo, naye atashawishika kumtengenezea jukumu la muda. Likitengenezwa, liwekewe tarehe ya kwisha ndani ya mfumo wenyewe, siyo kwenye daftari la mtu.